Kwikwi inaletwa na nini hasa, na kati ya dawa za nyumbani ipi ina ukweli?

Kijana wa Chumbageni (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Jana tulikuwa kwenye shughuli ya jirani. Pilau limeshuka, jamaa yangu mmoja akalifakamia kama anakimbizwa, akashushia soda ya baridi. Kwikwi ikamshika palepale. Hazikupita dakika tano kila mtu kwenye mkeka akawa daktari. Mmoja anasema abane pumzi. Mwingine anataka anywe maji kwa upande wa pili wa glasi huku ameinama. Shangazi yake kaleta sukari kijikoni. Na kuna mzee mmoja akamkaripia kwa sauti, "Wewe! Ile simu ya watu umeipeleka wapi?" ili ashtuke.

Kwikwi ikakata. Sasa ugomvi ni huu: amefanyiwa yote kwa mpigo, na kila mtu anadai dawa yake ndiyo iliyofanya kazi.

Naomba wenye ujuzi wanifahamishe. Kwikwi inatokea wapi, na kati ya hayo manne lipi lina maana na lipi ni kelele? Sitaki za "bibi yangu alisema", hizo nyumbani ninazo za kutosha.

---

Mpemba Mkavu

Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

---

Kocha Mstaafu

Mleta mada, hili ni jambo dogo sana. Kwikwi ni mwili kukosa oksijeni. Ukila haraka hupumui vizuri, kwa hiyo kifua kinaruka kikitafuta hewa. Wachezaji wangu nilikuwa nikiwaambia wapumulie ndani ya mfuko wa karatasi, wanavuta na kutoa humohumo, oksijeni inajaa, kwikwi inaondoka. Imenisaidia kiwanjani miaka yote.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kocha shikamoo. Mfuko wako unasaidia kweli, ila sababu uliyotoa ni kinyume chake. Ukipumulia mfukoni oksijeni haijai, inapungua. Kinachojaa ni kaboni dioksidi, ile hewa tunayoitoa. Hiyo ikipanda kwenye damu, kile kituo cha ubongo kinachorusha kwikwi kinapoa. Kubana pumzi kunafanya kazi kwa njia hiyohiyo, na bila mfuko. Mfuko mimi siupendekezi: mwenye pumu au ugonjwa wa moyo unaweza kumletea matatizo, na watu wakikosa wa karatasi wanachukua wa plastiki.

Sasa kwa mleta mada. Kuna msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, unaitwa kiwambo. Huo ndio unaovuta hewa kila ukipumua. Jamaa yako alikula upesi, akameza hewa pamoja na wali, halafu soda ikaongeza gesi. Tumbo likatanuka ghafla. Taarifa ya kutanuka huko inapanda kwa neva ya vegasi mpaka kwenye shina la ubongo, na jibu linashuka kwa neva nyingine, freniki, inayotoka shingoni kwenda kwenye kiwambo. Kiwambo kinajikaza ghafla bila mwenyewe kupenda. Hewa inavutwa kwa nguvu, na kabla haijafika mbali nyuzi za sauti zinajifunga. Kati ya kukaza na kufunga inapita kama sehemu 35 za sekunde moja iliyogawanywa mara elfu. Ule mlio mnaousikia ni wa hewa kukuta njia imefungwa.

Kwa hiyo kinachoianzisha ni chochote kinachochokoza njia hiyo: tumbo kujaa, pilipili kali, kitu cha moto kikifuatwa na cha baridi, pombe, gesi, hata kucheka sana. Na kinachoikatisha ni chochote kinachoivuruga njia hiyohiyo.

---

Kijana wa Chumbageni (mleta mada)

Hapo nimekuelewa dada. Sasa rudi kwenye yale manne.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kubana pumzi: kuna msingi, nimeshasema, ila watu wengi wanaibana vibaya. Wanavuta kidogo, wanafunga mdomo, kwikwi ijayo inawafungulia. Fanya hivi. Toa hewa yote, kisha vuta taratibu mpaka kifua kijae kabisa. Kaa nayo sekunde 10. Bila kutoa hata kidogo, ongeza kuvuta tena kile kidogo kinachoweza kuingia, kaa sekunde 5. Ongeza tena, sekunde 5. Ndipo uachie polepole. Hapo kaboni dioksidi imepanda na kiwambo chenyewe kimenyooshwa mpaka mwisho, hakina nafasi ya kuruka. Ukisikia kizunguzungu, acha.

Maji na sukari: vyote viwili vinacheza na koo. Nyuma ya koo kuna matawi ya neva hizo, ukiyashughulisha kwa kumeza mfululizo au kwa kitu chenye chengachenga, ule mzunguko unakatika. Kuinama na kunywa upande wa pili wa glasi hakuna muujiza. Unalazimika kubana pumzi, kukaza tumbo na kumeza kwa uangalifu kwa wakati mmoja. Ukinywa funda kumi ndogondogo bila kupumua katikati umefanya kitu kilekile, na shati halilowi.

Kushtuliwa: hapa ushahidi ni mwembamba. Mtu akishtuka anavuta hewa ghafla na kuishikilia, pengine ndiyo hiyo inayosaidia. Mzee wenu angemwambia tu ashikilie pumzi, bila kumsingizia wizi mbele za watu.

---

Mgosi wa Lushoto

Kwetu ukipata kwikwi unaambiwa kuna mtu anakutaja. Unaanza kutaja majina ya watu wote unaowajua, ukifika kwenye jina lenyewe inakata. Kwa hiyo Nesi, hiyo nayo ina msingi? Maana ukitaja majina ishirini bila kuvuta pumzi...

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Hahaha, Mgosi, ukiyataja yote kwa pumzi moja, mimi sina pingamizi.

---

Mhakiki

Samahani kuwaharibia. Kila mtu humu anasema "inafanya kazi". Kwikwi ya kawaida inaisha yenyewe baada ya dakika chache. Maana yake dawa ya mwisho uliyojaribu ndiyo itakayopata sifa siku zote. Mganga wa mvua naye huanza kazi wingu likishatanda.

Nimewahi kufuatilia mambo haya. Sukari ndiyo yenye habari ya zamani kidogo. Mwaka 1971 madaktari wa Marekani waliandika barua kwenye jarida kubwa la tiba la huko: wagonjwa 20 walipewa kijiko cha chai cha sukari kavu wameze, na 19 kwikwi ikakata. Kinachofanya habari hiyo isipuuzwe ni kwamba wengine kati yao hawakuwa watu wa dakika tano, kwikwi ilikuwa imewakalia zaidi ya siku. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hakuna waliopewa, tuseme, unga wa sembe, ili tujue kama ni sukari au ni kumeza tu kitu kikavu.

Halafu mwaka 2021 kuna daktari wa San Antonio, Texas, Ali Seifi, alitoa matokeo ya mrija maalumu aliouvumbua. Mrija huo una kizuizi ndani, maji hayapandi mpaka uvute kwa nguvu, kisha unameza papohapo. Kuvuta kwa nguvu kunalazimisha kiwambo kishuke, kumeza kunagusa vegasi. Watu 249 walioutumia walijaza fomu, na zaidi ya asilimia 90 ya majaribio kwikwi ilikoma. Inavutia, ila ni watu kujieleza wenyewe, tena hakuna kundi la kulinganisha, na aliyepima ndiye aliyebuni.

Kwa hiyo msimamo wangu: maelezo ya mwili ni mazuri, ushahidi ni dhaifu. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja.

---

Kocha Mstaafu

Mhakiki wewe kila uzi lazima uje na kundi la kulinganisha. Nikuulize, nani atakaa na kwikwi yake makusudi ili wewe ulinganishe?

---

Mhakiki

Ndiyo shida yenyewe, Kocha. Ukishaandaa fomu, kwikwi ya mtu imekwisha.

---

Mama Nailat

Afadhali mmeleta hii mada. Mwanangu ana wiki sita, anapata kwikwi kila akimaliza kunyonya mpaka mwili mzima unaruka. Mama mkwe anachomoa uzi kwenye kanga, anaulowesha kwa mate na kumbandika kwenye paji la uso. Nimesoma hapo juu sukari. Nimpe kiasi gani? Robo kijiko?

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mama Nailat, HAPANA. Usimpe sukari, usimpe maji, usimbane pua, usimshtue. Yote tuliyoyasema hapo juu ni ya mtu mzima anayejua kumeza kwa hiari yake. Mtoto wa wiki sita ni maziwa tu.

Kwikwi kwa watoto wachanga ni jambo la kawaida kabisa, hata tumboni wanaipata. Wajawazito humu watakuambia ule mdundo wa kufuatana kwa mpigo mmoja, tofauti na teke. Mwaka 2019 watafiti wa London waliwapima watoto wachanga 13 waliopatwa na kwikwi, wakakuta kila kiwambo kinaporuka ubongo unatoa mawimbi ya kuitikia. Wakafikiri huenda ndivyo ubongo unavyojifunza msuli wa kupumua uko wapi. Ni wazo, halijathibitika.

Akipata, msimamishe begani abeue. Katikati ya kunyonya mpumzishe kidogo. Ukiona kila kwikwi inaambatana na kutapika kwingi, kukataa ziwa, au uzito hauongezeki kwenye kadi ya kliniki, mpeleke. Uzi wa bibi haumzuii wala haumdhuru, ila uondoe akilala asije akauingiza mdomoni. Na mate ya mtu mzima kwenye uso wa kichanga, mwambie mama kwa heshima auloweshe kwa maji.

---

Mama Nailat

Asante dada, nitamwambia. Kwa heshima, kama ulivyosema 😅

---

Mgosi wa Lushoto

Mnajua kuna Mmarekani anaitwa Charles Osborne, wa jimbo la Iowa, alianza kwikwi mwaka 1922 akiwa anapima uzito wa nguruwe, ikaja kukoma 1990? Miaka 68. Akaoa, akazaa, kwikwi ipo. Ilipokata akaishi kama mwaka mmoja tu, akafa 1991.

Na kuna lingine ambalo kwa heshima ya akina mama humu nitalisema kwa mbali. Mwaka 1988 daktari mmoja wa Marekani, Francis Fesmire, aliandika jinsi alivyoikatisha kwikwi ya mgonjwa kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa. Madaktari wengine wakaandika ya kwao mwaka 1990. Mwaka 2006 wote wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mhakiki, hapo kundi la kulinganisha utalipataje?

---

Mhakiki

Hapo najiuzulu.

---

Mtoto wa Korogwe

Wakuu, nyie mnacheka, mimi niko na mzee wangu hapa. Ana miaka 67. Kwikwi imemshika tangu Alhamisi asubuhi na leo ni Jumatatu. Usiku anasinzia dakika kidogo, inamwamsha. Ugali haupiti, anakunywa uji kwa kijiko. Sukari tumempa, maji ya ndimu tumempa, pumzi amebana mpaka kachoka. Inatulia robo saa, inarudi. Nifanye nini?

---

Bodaboda Mstaarabu

Pole sana mkuu. Shemeji yangu ilimkuta hiyo. Nenda duka la dawa ulizia baklofeni, kidonge kimoja mara tatu, siku ya pili alikuwa mzima. Usihangaike na foleni za hospitali.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Bodaboda, subiri kwanza. Baklofeni ni dawa halisi ya kwikwi sugu, hujakosea. Lakini inatolewa na figo. Mtu wa miaka 67 ambaye hatujui hali ya figo zake, akipewa hiyo inaweza kujilimbikiza mwilini, akaanza kuchanganyikiwa, kulala mno, hata kupoteza fahamu. Na figo zikishindwa, kwikwi ni moja ya dalili zake. Kwa hiyo unaweza ukawa unampa dawa yule hasa asiyetakiwa kuipata.

Mtoto wa Korogwe, pole kwa kuuguza. Kwikwi ikipita saa 48 hatuongelei tena sukari. Tunatafuta kinachoichokoza. Naomba unijibu:

Anakojoa kama kawaida? Uso au miguu imevimba? Ana maumivu ya kifua, jasho, au tumbo la juu? Amewahi kuwa na kiungulia? Kuna mkono au mguu umelegea, sauti imebadilika, maji yanampalia, anayumba akitembea? Ana homa? Na muhimu kuliko yote: kati ya Jumatatu na Alhamisi iliyopita alimeza au alichomwa dawa gani? Usiniambie "za kawaida". Angalia paketi.

---

Muhindo wa Butembo

Wandugu, niongeze moja. Sisi huku Kivu ya Kaskazini wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, kwikwi ilikuwa kwenye orodha ya dalili walizouliza kwenye vizuizi na vituo vya afya. Mtu akiwa na kwikwi kwenye foleni watu walikuwa wanasogea. Huyo baba ana homa?

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ndugu Muhindo yuko sahihi, imo kwenye orodha. Lakini haisimami peke yake: ni homa ya ghafla pamoja na dalili nyingine kadhaa, kama kutapika, kuharisha, mwili kuuma, na kwikwi ikiwa mojawapo. Mzee aliyeko Korogwe bila homa na bila mlipuko karibu, huko hatuanzii.

---

Mtoto wa Korogwe

Homa hana. Anakojoa vizuri. Hajavimba. Kifua hakimuumi, anasema misuli ya mbavu tu imechoka kwa kuruka. Anatembea mwenyewe, sauti ni ileile. Kiungulia anacho cha siku nyingi.

Dawa: mgongo ulimbana Jumanne, Jumatano akaenda kwenye zahanati moja ya mtu binafsi akachomwa sindano mbili makalioni. Akapewa vidonge vya kuendelea. Paketi moja imeandikwa diklofenaki. Nyingine ni vidonge vidogo vyeupe kwenye bahasha ya karatasi, bahasha imeandikwa kwa kalamu "DEXA 2x3".

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Hiyo ndiyo ninayoitilia shaka. Deksamethasoni ni miongoni mwa dawa zinazojulikana kuleta kwikwi, na inaonekana zaidi kwa wanaume. Inadhaniwa inalegeza breki ya kile kituo cha kwenye shina la ubongo, kwa hiyo kichokozi kidogo ambacho zamani hakikumsumbua sasa kinatosha. Naye kichokozi anacho: kiungulia, na diklofenaki juu yake inalichoma tumbo. Kachomwa Jumatano, kwikwi Alhamisi asubuhi. Muda unaingia.

Lakini sijamgusa mgonjwa. Kuna mshtuko wa moyo unaokaa upande wa chini wa moyo, karibu na kiwambo, ambao kwa mzee unaweza kuja na kwikwi bila maumivu makubwa. Kiharusi cha shina la ubongo nacho hivyohivyo. Kesho asubuhi mpeleke hospitali ya wilaya, si pale zahanati. Beba paketi na bahasha. Waambie neno "siku tano", litakusogeza kwenye foleni. Omba wampime presha, sukari, figo, chumvi za damu, na kipimo cha umeme wa moyo.

Usiku huu mlaze ameinuliwa kifua, mpe vitu vilaini kidogokidogo, soda na chai ya moto sana aache. Diklofenaki asimeze nyingine.

---

Binti wa Sinza

Samahani, dexa si ndiyo zile watu wanameza ili wanenepe?

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ndizo. Mashavu yanajaa, mtu anaambiwa amependeza, kumbe ni maji na mafuta kujipanga upya. Na hapa niseme jambo kwa anayesoma kimyakimya: mzee huyu katumia siku chache, daktari anaweza kuzikata moja kwa moja. Wewe unayezimeza kwa miezi usiamke kesho ukaziacha ghafla. Tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala, ukikata ghafla presha inaweza kuanguka vibaya. Kuziacha kuna utaratibu wa kupunguza, na unafanywa na daktari.

---

Mtoto wa Korogwe (Jumanne jioni)

Mrejesho. Tumefika, neno la siku tano limefanya kazi. Moyo uko sawa, figo ziko sawa, presha ipo juu kidogo. Sukari imepanda, daktari kasema inaweza kuwa ni hiyohiyo dexa, wataipima tena baada ya wiki mbili. Kasimamisha dexa na diklofenaki. Kampa omeprazoli kwa ajili ya tumbo, na klopromazini miligramu 25 za kutuliza kwikwi, kwa siku chache tu. Kanionya mzee asinyanyuke ghafla kitandani kwa sababu hiyo dawa inashusha presha mtu akisimama. Hivi sasa amelala, kwikwi ipo ila imeachana, kama moja kila baada ya dakika kadhaa.

---

Bodaboda Mstaarabu

Klopromazini si dawa ya wagonjwa wa akili hiyo? Mbona mnampa mzee wa watu?

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ni hiyohiyo, na ni ya siku nyingi kwenye kwikwi pia. Inatuliza kile kituo. Ndiyo maana ni ya siku chache na ni kwa cheti, mzee akiamka usiku kwenda msalani awe na mtu wa kumshika. Wengi wanaanguka hapo.

---

Mtoto wa Korogwe (Alhamisi)

Imekata kabisa tangu jana usiku. Mzee leo kala ugali. Nesi, Mungu akuzidishie.

---

Mhakiki

Hongera kwa mzee, na hili nalisema kwa nia njema. Dexa imeondolewa, diklofenaki imeondolewa, omeprazoli imeingia, klopromazini imeingia, na siku zimepita. Mmefanya vilevile kama kwenye pilau la mleta mada. Hatujui ni kipi.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kweli hatujui, na daktari aliyemhudumia hakuwa na muda wa kuondoa kimoja kimoja na mzee hajalala siku tano. Ila hapa kuna njia ya kujua, na haipendezi: akichomwa dexa tena na kwikwi ikarudi, utakuwa na jibu lako. Mimi sitaki ulipate.

---

Kocha Mstaafu

Nesi, na ile ya kuziba masikio kwa vidole wakati mwenzako anakunywesha maji? Hiyo hamjaijibu.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ina mantiki, Kocha. Tawi dogo la vegasi linafika kwenye tundu la sikio. Ziba kwa kubonyeza kile kinyama cha mbele, usichokonoe ndani na njiti. Kwa kwikwi ya pilau inatosha. Nani asijaribu haya ya kumeza: mtu aliyepata kiharusi au anayepaliwa ovyo. Huyo sukari kavu itampalia kabla kwikwi haijakata.

---

Mtoto wa Korogwe

Swali la mwisho, dada. Mgongo umeanza kumuuma tena, na kuna jirani anasema aende akachomwe ile sindano ya uti wa mgongo ya hospitali kubwa, si ya dexa, ina jina lingine. Hiyo nayo inaweza kuleta kwikwi?

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Inategemea jina. Nyingi za sindano hizo ni za kundi moja na dexa, na wapo watu waliopata kwikwi baada ya kuchomwa. Lakini wapo pia waliopata kwa dexa, wakabadilishiwa dawa nyingine ya kundi hilohilo, wakatulia. Kwa hiyo si lazima akataliwe matibabu. Mwambie daktari mapema, kabla sindano haijavutwa, na omba aandike kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la mzee: deksamethasoni, kwikwi siku sita, sukari ilipanda. Piga picha ukurasa huo ukae kwenye simu yako, majalada yetu unayajua. Na sukari yake ipimwe kwanza ile wiki ya pili ifike, ndipo mzungumze habari ya sindano.